Tiketi ya pakiti kupotea kwenye seva ya kukodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wenye seva walioko Unguja na Pemba ambao mashine zao zimekodiwa ng'ambo, mara nyingi Ulaya. Unaeleza jinsi ya kuandika tiketi, yaani ombi la msaada kwa kampuni iliyokukodisha seva, pakiti zinapopotea njiani. Mfano tunaoufuata ni wa duka la Darajani lenye tawi Chake Chake: mfumo wao wa mauzo umo kwenye seva iliyoko Ujerumani, na kila usiku unakwama. Anwani zote za IP zilizomo humu ni za mfano, na jina la kadi `eth0` pia. Weka zako.

## Mambo ya mwanzo

Nitajuaje kuwa pakiti zinapotea, na si intaneti kuwa nzito tu?

Intaneti nzito huchelewesha kila kitu kwa kiasi kinacholingana. Pakiti zikipotea, mambo huenda kwa kushtukiza: ukurasa mmoja unafunguka mara moja, unaofuata unaganda sekunde kadhaa, halafu unaachia. Ukiingia kwenye seva kwa `ssh`, unaandika herufi tatu hazionekani, kisha zinatoka zote pamoja. Anza na kipimo hiki:

```
ping -c 500 203.0.113.45
```

Kitachukua kama dakika nane. Mwishoni utaona neno `packet loss` na asilimia. Ikiwa ni sifuri na muda wa kwenda na kurudi haubadiliki sana, tatizo lako huenda ni programu au diski, na tiketi ya mtandao haitakusaidia.

Kwa nini asilimia moja tu inatuumiza sisi, na fundi wa kampuni ya seva akijaribu haoni kitu?

Kwa sababu ya umbali. TCP, itifaki inayobeba kurasa na hifadhidata, ikipoteza pakiti hupunguza mwendo, kisha huupandisha kidogo kidogo kila mara jibu linaporudi. Jibu likichukua muda mrefu kurudi, mwendo nao unapanda polepole.

Kwa hesabu ya TCP ya kawaida, upotevu wa asilimia 1 kwenye njia ya milisekunde 170 unaubana muunganisho mmoja kwenye megabiti 0.8 hivi kwa sekunde. Upotevu huohuo kwenye njia ya milisekunde 10 unaacha karibu megabiti 14. Fundi aliyekaa jirani na seva anapakua faili lake bila shida na anaamini kwa dhati kwamba mtandao ni mzima. Ndiyo maana kumwandikia "seva iko polepole" hakusaidii. Yeye haioni hivyo. Mpelekee kipimo kinachoonesha pakiti zinaanzia kupotea wapi.

## Kabla ya kufungua tiketi

Nianze kuchunguza wapi?

Kwako. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kipimo kilichopigwa kwa waifai hakikubaliki popote, na ni haki ya mafundi kukikataa. Kisha ipigie `ping` ruta yako, kwa mfano `192.168.1.1`. Ikiwa hata hapo kuna upotevu, tatizo ni waya, ruta au umeme wake.

Baada ya hapo pima ukitumia kampuni nyingine ya intaneti, hata kwa bando la simu. Katika mfano wetu, duka la Darajani lina laini ya faiba na tawi la Chake Chake linatumia mtandao wa simu wa kampuni tofauti. Vyote viwili vilipoteza pakiti usiku kwa kiwango kinachokaribiana. Hapo tayari umejua kuwa kosa haliko kwenye laini ya duka wala ya tawi. Liko mahali njia mbili zinapokutana, au mbele zaidi.

Na kama ni kebo ya baharini?

Kebo ikikatika hutahitaji kuuliza. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Tanzania nzima. Dalili yake ni kwamba karibu kila kitu cha ng'ambo kinakuwa kizito kwa pamoja, na muda wa kwenda na kurudi unapanda kwa sababu data zinazungushwa njia ndefu au zinasongamana kwenye njia iliyobaki. Pima seva nyingine mbili tatu za nchi hiyohiyo zilizoko kwa kampuni tofauti. Zote zikipoteza, iache kampuni yako ya seva na umpigie anayekuuzia intaneti. Ikipoteza yako peke yake, endelea.

Seva yenyewe je, haiwezi kuwa ndiyo inayotupa pakiti?

Inaweza, na hili ndilo wengi hulirukia. Angalia vitu vitatu:

```
ip -s link show eth0
ethtool eth0
dmesg -T | grep -i conntrack
```

Amri ya kwanza inaonesha hesabu za `errors` na `dropped` za kadi ya mtandao. Usishtuke kwa kuona namba. Isome mara mbili, dakika kumi zikipita katikati. Inayoongezeka ndiyo ya kufuatilia. `errors` zikiongezeka, shuku kebo au tundu la swichi. `dropped` yaweza kupanda hata kwenye mashine nzima, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu.

Ya pili inakuonesha mwendo wa kadi. Seva iliyouzwa kama ya gigabiti moja ikionesha `Speed: 100Mb/s` au `Duplex: Half`, kebo ni mbovu au mipangilio ya swichi ina kasoro. Hilo peke yake linatosha kufungulia tiketi.

Ya tatu ikikutolea maneno `table full, dropping packet`, fayawoli ya seva yako imejaza daftari lake la miunganisho na inatupa pakiti yenyewe. Ongeza `net.nf_conntrack_max`, kisha tafuta ni nani anayefungua miunganisho mingi hivyo. Hapo kampuni haihusiki.

Kwenye mashine pepe kadi haina waya halisi, kwa hiyo amri ya pili haitakuambia kitu. Badala yake fungua `top` utazame `st`. Ikikaa juu wakati wa tatizo, majirani mnaogawana nao mashine wanakula zamu yako ya kichakataji, na pakiti zinasubiri au zinaachwa. Hiyo ni tiketi pia, lakini si ya mtandao.

## Kupima na kusoma kipimo

Nitumie amri gani, na pakiti ngapi?

`traceroute` ya kawaida hutuma pakiti tatu tu kwa kila kituo, yaani kila ruta iliyoko njiani. Inafaa kujua njia, haifai kupima upotevu. Tumia `mtr`, inayorudia kazi hiyohiyo mara nyingi na kuhesabu:

```
mtr -rwbzc 500 203.0.113.45
```

`r` inatoa ripoti, `w` inaacha majina marefu yasikatwe, `b` inaonesha jina na anwani, `z` inaonesha namba ya mtandao unaomiliki kila kituo, na `c 500` ni idadi ya mizunguko. Kwenye Windows, WinMTR inafanya kazi hiyo.

Pakiti kumi hazitoshi: ikipotea moja unasoma asilimia 10. Hata 100 ni chache. Njia yenye upotevu wa kweli wa asilimia 1 inaweza kukuonesha sifuri katika zaidi ya theluthi ya vipimo vya pakiti 100. Mia tano ni kiwango cha heshima. Kama upotevu ni mdogo, piga elfu moja. Na pima wakati tatizo lipo. Kipimo safi cha saa nne asubuhi hakisemi lolote kuhusu saa tatu usiku, ila kinafaa kukiambatanisha kwa kulinganisha.

Kituo cha katikati kinaonesha upotevu wa asilimia 60. Nimempata mkosaji?

Karibu kila mara, hapana. Hapa ndipo tiketi nyingi hufia. Tazama kipimo cha Darajani, tulichokipunguza safu:

```
                       Loss%  Snt    Avg
 1.|-- 192.168.1.1      0.0%  500    1.3
 2.|-- 10.20.0.1        0.0%  500   10.4
 3.|-- 198.51.100.5    62.4%  500   12.9
 4.|-- 198.51.100.77    0.0%  500  158.9
 5.|-- 192.0.2.9        0.0%  500  161.6
 6.|-- 192.0.2.34       7.8%  500  162.3
 7.|-- 203.0.113.1      8.2%  500  162.5
 8.|-- 203.0.113.45     8.0%  500  162.4
```

Jicho linakimbilia kituo cha 3. Lakini ili pakiti ifike kituo cha 4 ni lazima ipite cha 3, na cha 4 hakikupoteza hata moja. Kwa hiyo cha 3 kinapitisha kila kitu. Kinachokataa ni kujibu. Ruta hupitisha pakiti kwa vifaa maalumu vyenye kasi, ila jibu la `mtr` hutengenezwa na kichakataji chake kidogo chenye kazi nyingine muhimu zaidi, nacho huwekewa kikomo cha majibu kwa sekunde. Ni kama bawabu wa bandarini: anapitisha abiria wote, lakini hana muda wa kumjibu kila anayemuuliza saa ya boti.

Upotevu wa kweli unaanza mahali fulani na unaendelea hadi mwisho. Hapa unaanza kituo cha 6, kisha 7.8, 8.2, 8.0. Tofauti hizo ndogo ni bahati ya pakiti tu. Kwa hiyo mshukiwa ni kiungo kati ya cha 5 na cha 6. Ukituma tiketi inayolalamikia kituo cha 3, fundi atajua hujui kusoma kipimo, na kilichobaki hatakisoma.

Kuruka kutoka milisekunde 12.9 hadi 158.9 kati ya cha 3 na cha 4 nako si kosa. Ni safari ya kwenda Ulaya.

Kwa nini wanataka na kipimo cha kutoka kwenye seva kuja kwangu?

Kwa sababu njia ya kwenda na njia ya kurudi mara nyingi si moja. Kila mtandao huamua wenyewe utoe pakiti kupitia wapi. `mtr` inakuonesha vituo vya kwenda tu, ilhali jibu lililopotea huenda limepotelea kwenye njia ya kurudi ambayo hukuiona kabisa.

Ingia kwenye seva, upime kuja kwenye anwani yako ya umma, wakati uleule. Kutoka kwenye seva ya duka tulipata hivi:

```
                       Loss%  Snt    Avg
 1.|-- 203.0.113.1      0.0%  500    0.4
 2.|-- 192.0.2.33       0.0%  500    0.7
 3.|-- 192.0.2.10       7.6%  500    1.2
 4.|-- 198.51.100.78    8.0%  500    4.1
 5.|-- 198.51.100.6     7.8%  500  150.8
```

Kutoka upande huu, upotevu unaanza kati ya kituo cha 2 na cha 3. `192.0.2.33` na `192.0.2.34` ni milango miwili ya ruta moja ya ndani ya kampuni, na `192.0.2.9` na `192.0.2.10` ni ya ruta yao ya mpakani. Vipimo viwili vilivyoanza pande tofauti vinanyooshea kidole kiungo kimoja. Ushahidi wa namna hii ni mgumu kuupinga. Safu ya `z` ikionesha kuwa ruta zote mbili zina namba ya mtandao ya kampuni yenyewe, hakuna wa kusukumiwa lawama.

Nitajuaje kama zinapotea zikienda au zikirudi?

`mtr` na `ping` haziwezi kukuambia, kwa kuwa zote huhesabu safari nzima. Hesabu mwenyewe kwenye seva. Washa hii kwanza, ukiweka anwani yako ya umma:

```
tcpdump -nqi eth0 'icmp[icmptype] == icmp-echo and src host 198.51.100.200'
```

Kisha kutoka nyumbani au dukani tuma `ping` 500. Ikimaliza, isimamishe `tcpdump` kwa Ctrl-C usome `packets captured`. Darajani walituma 500, zikaingia kwenye seva 461, na majibu 460 yakafika. Yaani 39 zilipotea zikienda na 1 tu ikirudi. Sentensi hiyo moja ndani ya tiketi inamwokolea fundi kazi kubwa, kwa sababu anajua achunguze upande upi wa kiungo.

Vituo vya mwisho vinatoa `???` tupu. Kipimo kimeharibika?

Si lazima. Baadhi ya ruta hazijibu kabisa, na laini nyingi za simu hugawana anwani moja ya umma kwa wateja wengi, kwa hiyo kipimo cha kutoka kwenye seva hakitafika hadi kwako. Soma hadi kituo cha mwisho kilichojibu. Kama ni seva yako isiyojibu, fayawoli yako inazuia ICMP, itifaki inayotumiwa na `ping` na `mtr`. Ifungulie kwa muda wa kupima.

## Kuandika tiketi

Tiketi iandikwe vipi?

Fupi, tatizo moja, na hitimisho likitangulia. Kwa mfano huu:

> Kichwa: Upotevu wa 8% kati ya 192.0.2.9 na 192.0.2.34, kila siku 17:00–20:00 UTC, seva 203.0.113.45
>
> Habari za kazi. Seva yetu 203.0.113.45 inapoteza takriban 8% ya pakiti kila siku kati ya 17:00 na 20:00 UTC, kwa siku nne sasa. Nje ya saa hizo upotevu ni 0%.
>
> Tumepima kutoka kampuni mbili tofauti za intaneti, Unguja na Pemba. Matokeo yanafanana. Vipimo vya pande zote mbili vinaonesha upotevu ukianzia kwenye kiungo kati ya ruta zenu hizo mbili na kuendelea hadi mwisho. Upotevu wa kituo cha 3 tunaupuuza kwa kuwa hauendelei.
>
> Kwa `tcpdump`: zilitumwa 500, ziliingia kwenye seva 461, majibu yaliyofika 460. Upotevu uko upande wa kuingia.
>
> Kadi ya seva: 1000Mb/s, Full, `errors` haziongezeki. Wakati wa tatizo matumizi yetu hayazidi 20Mb/s.
>
> Anwani yetu ya kupimia: 198.51.100.200. Vipimo vimeambatanishwa kama maandishi. Tunaomba mkague kiungo hicho wakati wa saa zilizotajwa.

Mstari wa matumizi usiuache. Bila huo, jibu la kwanza litakuwa kwamba umejaza laini yako mwenyewe. Vipimo vitumwe kama maandishi. Picha ya skrini haimruhusu fundi kunakili anwani. Usizifiche anwani za IP, maana ndizo anazozitafuta. Neno la siri la seva halimo katika tiketi yoyote, hata wakikuomba.

Saa niandike ya wapi?

UTC, kila mara. Saa zetu zipo mbele ya UTC kwa saa tatu, na juu ya hapo tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa mbili usiku ya Darajani ni 20:00 ya Afrika Mashariki, na ni 17:00 UTC. Ukiandika "8:00" kwa sababu ya saa mbili, au "2:00" kwa mazoea, fundi atafungua grafu za wakati ambao kila kitu kilikuwa shwari. Ripoti ya `mtr` huandika muda wa kuanza juu kabisa. Hakikisha saa ya kompyuta yako ni sahihi.

## Baada ya kutuma

Wamejibu kuwa upande wao hakuna tatizo, na kipimo chao ni safi.

Angalia kipimo chao kilipigwa saa ngapi, kutoka wapi, na kwa pakiti ngapi. Mara nyingi ni pakiti kumi, mchana, kutoka ndani ya jengo lao. Kipimo cha ndani hakivuki kiungo chenye kosa, kwa hiyo lazima kiwe safi. Wajibu kwa upole, waombe wapime kutoka ruta ya mpakani, wakati wa tatizo, pakiti 500. Usifungue tiketi mpya. Utapoteza foleni na kumbukumbu yote ya nyuma.

Wananitaka niwashe seva kwenye mfumo wa uokozi. Nikubali?

Ndiyo, ingawa inakera. Mfumo huo ni Linux safi inayopakiwa kupitia mtandao, isiyogusa diski zako isipokuwa uziunganishe mwenyewe. Upotevu ukiendelea humo, fayawoli yako, kerneli yako na programu zako zote zimeshatoka kwenye lawama. Huduma zitazimika, na kwa tatizo la usiku huwezi kupima alfajiri. Tafuta nusu saa ya mwisho ya muda wa tatizo, duka likishafunga. Usisahau kuzima chaguo hilo kwenye dashibodi, la sivyo seva itarudi hukohuko ikiwashwa tena.

Wanasema kosa liko kwa kampuni nyingine njiani.

Wanaweza kuwa sahihi. Safu ya `z` itakuonesha. Kama kiungo kibovu kiko kati ya mtandao wao na wa jirani yao, bado wao ni wateja au washirika wa jirani huyo na wanaweza kuhamisha njia, waombe hivyo. Kama kiko baina ya mitandao miwili isiyowahusu, tiketi ifunguliwe pia kwa anayekuuzia intaneti, kwa vipimo vilevile. Mikataba mingi ya seva haitoi fidia kwa yanayotokea nje ya mtandao wao.

## Hali za pembeni

`mtr` ni safi kabisa, lakini baadhi ya kurasa zinakwama. Nikipakia upya, zinafunguka.

Shuku kiungo kimoja kibovu ndani ya fungu. Ruta kubwa huunganishwa kwa viungo kadhaa sambamba, na kila muunganisho hupangiwa kimoja kwa hesabu ya anwani na namba za milango. `ping` haina milango, hivyo hupita kiungo kilekile daima. Ikiangukia kilicho kizima, utaona sifuri milele huku muunganisho mmoja katika minne ukiteseka. Pima kwa TCP, ambapo `mtr` hubadilisha mlango wa chanzo kila mara:

```
mtr -rwbzc 500 -T -P 443 203.0.113.45
```

Ikionesha upotevu, tafuta mlango wenye kosa, ukipima kutoka mashine yenye anwani ya umma, kwa kuwa ruta ya nyumbani huweza kubadilisha milango:

```
hping3 -S -p 443 -s 40001 -k -c 50 203.0.113.45
```

Rudia kwa 40002, 40003, hadi 40016. Ukipata kwamba 40003 na 40007 hupoteza kila mara na nyingine hazipotezi hata moja, weka orodha hiyo kwenye tiketi. Kwanza hakikisha fayawoli yako haiwekei kikomo miunganisho mipya, maana hiyo nayo huleta picha inayofanana, ila milango inayopoteza hubadilika kila unaporudia.

`ping` inapita bila kosa, lakini faili haziendi kabisa.

Huenda pakiti ndogo zinapita na kubwa zinakwama. Jaribu:

```
ping -M do -s 1472 203.0.113.45
```

Ikishindwa, shusha namba hadi ipite. Ukikuta mfano 1452 inapita na 1453 haipiti, hakuna upotevu wa kubahatisha. Kuna mahali njia imebana ukubwa wa pakiti na onyo lake halikufikii. Tiketi yake ni nyingine: taja namba hiyo, na usiiite upotevu wa pakiti.